Namba ya tangazo isiwe namba ya pesa

Ukishuka kwenye mwendokasi kituo cha Msimbazi Polisi na kuingia mitaa ya ndani ya Kariakoo, utasoma namba za simu nyingi kuliko majina ya watu. Zimechapwa kwenye mifuko ya plastiki ya maduka, zimeandikwa kwa rangi kwenye milango ya stoo, zimebandikwa kwenye nguzo za umeme na dalali wa vyumba, fundi wa mafriji na mganga wa kurudisha mali iliyoibwa. Mtaa wa Aggrey, kwenye maduka ya simu, namba ya muuzaji iko kwenye risiti, kwenye kava na kwenye kikaratasi anachokupa usije ukampoteza. Kwa mfanyabiashara mwenye duka hilo ni jambo la kawaida, kwa sababu anataka kupatikana mwaka hadi mwaka.

Kwa mtu anayeuza kitu kimoja mara moja, hali ni tofauti. Anauza friji kwa kuwa anahama, au kochi kwa kuwa amenunua jipya. Anaweka tangazo Jiji, Kupatana au kwenye kundi la WhatsApp la mtaani, na anaandika namba ile ile anayotumiwa mshahara, anayopokelea ujumbe wa benki, na ambayo mama yake kule kijijini ameikariri. Friji litauzwa ndani ya wiki moja. Namba itabaki huko nje.

Njia ambayo baadhi ya wauzaji huifuata ni kuwa na laini ya pembeni kwa ajili ya matangazo tu. Wengi huifanya nusunusu: wananunua laini, wanaiandika kwenye tangazo, halafu ndani ya siku mbili namba yao kuu imeshafika kwa watu wale wale waliotaka kuwakwepa. Tofauti ya laini inayolinda na laini isiyolinda iko katika jambo moja tu, nalo ni kama laini ile ni tupu kweli.

Kwa nini namba ya Tanzania ni nzito

Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, namba ya simu ya Mtanzania imekuwa pochi yake. Baadaye benki nazo ziliifanya kuwa mlango: namba ya siri ya kuthibitisha muamala hutumwa kwenye laini hiyo hiyo. Kisha tarehe 1 Mei 2019 ukaanza usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Namba moja ikawa imebeba pesa, benki, kitambulisho na jamaa zako wote.

Ndiyo maana neno «laini ya kutupa» linapotosha kidogo hapa kwetu. Katika filamu, mtu hununua kadi dukani, huitumia na kuitupa mtoni, na hakuna anayemjua. Kariakoo hakuna kadi ya namna hiyo iliyo halali. Laini yoyote utakayoitumia kwenye tangazo ina alama ya kidole chako nyuma yake, na polisi wakihitaji kujua ni ya nani watajua. Kwa hiyo laini ya pembeni haikufichi mbele ya serikali, wala haikusudiwi kukuficha. Kazi yake ni kuweka ukuta kati ya wageni wanaosoma tangazo lako na pochi yako.

Yuko atakayekwambia kuna njia ya mkato: laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine, inayouzwa kimyakimya. Iache. Hujui nani amewahi kutapeliwa kwa laini hiyo, na siku mwenye jina atakapoifuatilia, anaweza kuizima au kuipata tena kwenye kadi mpya, na wewe ukabaki na wateja wanaoongea na mtu usiyemjua.

Kwa wakala chini ya mwavuli

Mawakala wa laini ni rahisi kuwapata kuanzia Msimbazi hadi Uhuru, wamekaa chini ya miavuli yenye rangi za mitandao. Chagua mtandao tofauti na ule wa laini yako kuu. Ziko sababu mbili. Kwanza, idadi ya laini ambazo mtu mmoja anaweza kuwa nazo kwenye mtandao mmoja ina mipaka ya kikanuni, na kwenda mtandao mwingine kunakuepusha na maswali hayo. Pili, mwanzo wa namba ukitofautiana, wewe mwenyewe utazitambua laini zako haraka. Mwenye Vodacom ya 075 ambaye tangazo lake lina Halotel ya 062 hatazichanganya kirahisi.

Nenda na namba yako ya NIDA na kidole chako, na uwe macho kwenye kidole hicho. Ujanja uliozoeleka wa mawakala wasio waaminifu ni kusema mashine haijasoma, weka tena, weka tena. Mara ya kwanza imesoma. Ile ya pili inasajili laini nyingine kwa jina lako, ambayo itauzwa kwa mtu mwingine. Ukitoka hapo, kabla hujavuka barabara, piga `*106#`. Menyu hiyo inafanya kazi kwenye mitandao yote, na ndani yake kuna sehemu ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoitambua, ripoti kwenye duka la mtandao husika ukiwa na kitambulisho ili ifutwe.

Jambo la pili la kumwambia wakala ni kwamba hutaki huduma ya pesa kwenye laini hii. Mara nyingi hukufungulia bila kukuuliza, kwa kuwa wateja wengi huitaka. Wewe huitaki, na sababu yake ndiyo kiini cha makala haya.

Jina linaloonekana kabla ya namba ya siri

Kila anayetuma pesa kwa simu anajua hatua hii: unaingiza namba, unaingiza kiasi, na kabla hujaweka namba ya siri, jina la mpokeaji linajitokeza. Hatua hiyo iliwekwa ili usikosee. Lakini inamaanisha pia kwamba yeyote aliye na namba yako anaweza kuanza muamala wa shilingi elfu moja, akasoma jina lako kamili, kisha akaghairi. Hajatumia hata senti, na wewe hujapata taarifa yoyote.

Tapeli mwenye jina lako ni hatari kuliko tapeli mwenye namba tupu. Atakupigia na kusema, «Wewe ndiye fulani bin fulani? Naongea kutoka makao makuu ya mtandao.» Wengi huamini hapo hapo, kwa sababu wanadhani jina hilo linajulikana na kampuni tu.

Kwa hiyo laini ya tangazo isiwe na pochi. Kama huna hakika, jaribu mwenyewe: chukua simu nyingine, anza kutuma shilingi elfu moja kwenda namba mpya, na utazame kama jina linatokea. Likitokea, ghairi, na nenda duka la mtandao kuomba akaunti hiyo ya pesa ifungwe. Lisipotokea, laini yako ni tupu na iko tayari.

Utupu huo una faida nyingine ambayo watu hawaioni mpaka waikute. Moja ya mitego ya kawaida kwa wauzaji ni ujumbe bandia wa malipo: «Umepokea Tsh 450,000 kutoka kwa…», ulioandikwa kama ule wa kweli lakini umetumwa kutoka namba ya kawaida ya mtu. Muuzaji mwenye haraka huusoma, huona kiasi sahihi, na huruhusu mzigo uondoke. Ujumbe huo ukifika kwenye laini isiyo na pochi, umejisema wenyewe kuwa ni wa uongo, kwa sababu laini hiyo haiwezi kupokea hata shilingi. Ni hivyo hivyo kwa anayedai amekutumia pesa kimakosa na kukuomba uzirudishe, na kwa ujumbe kwamba akaunti yako ya benki imefungwa. Benki yako haiijui laini hii. Huhitaji kuwa mtaalamu wa kuchambua meseji. Kila meseji ya pesa inayoingia hapo ni ya tapeli.

Friji la Mtaa wa Sikukuu

Tuchukue mfano wa familia moja inayoishi ghorofani Mtaa wa Sikukuu na inayotaka kuuza friji kwa shilingi 450,000. Laini kuu ni ya baba, na ndiyo yenye pesa na benki. Laini ya tangazo imepatikana na imethibitishwa kuwa tupu. Iwekwe wapi?

Kifaa bora ni kitochi. Simu ndogo ya vitufe haina WhatsApp, haina orodha ya jamaa zako, chaji yake inakaa siku kadhaa, na saa mbili usiku unaizima ukalala. Anayepiga saa saba za usiku kuuliza kama friji bado lipo atakuta imezimwa, nawe hutajua hata kama alipiga.

Kama lazima laini zote mbili zikae kwenye simu moja ya kupangusa, kuna kosa moja la kuzuia mapema. Simu za laini mbili huwa na laini ya kupigia iliyochaguliwa kuwa ya kawaida. Mteja anapiga kwenye laini ya tangazo, hukuwahi, unampigia baadaye, na simu inatoka kwa laini kuu. Kazi yote imepotea kwa mguso mmoja. Ingia kwenye mipangilio ya laini, na kwenye sehemu ya kupiga chagua simu iulize kila mara. Kisha mpigie ndugu yako kabla tangazo halijatoka, umuulize ameona namba gani.

Hatua inayofuata ni tangazo lenyewe, na hapa ndipo laini kuu huponyoka bila mwenyewe kujua. Kwenye tovuti za matangazo, namba inayoonekana kwa wateja inaweza kuwa ile uliyofungulia akaunti, hata kama kwenye maelezo umeandika nyingine. Fungua akaunti mpya kwa namba ya tangazo, kisha fungua tangazo lako kwa simu ya mtu mwingine na ubonyeze kitufe cha kuonyesha namba, uone kinachotoka.

Makundi ya WhatsApp yana tatizo zaidi. Baba anaweza kuandika «friji zuri, piga 062…», lakini akautuma ujumbe huo kutoka WhatsApp yake ya kawaida. Watu mia mbili wa kundi lile wanaona namba iliyoandikwa, na juu yake wanaona namba iliyotuma. Afadhali asingenunua laini mpya. Dawa ni kufungua WhatsApp ya pili kwa namba ya tangazo, ama kwa WhatsApp Business ambayo inakaa kando ya ile ya kawaida kwenye simu moja, au kwa kuongeza akaunti ya pili ndani ya WhatsApp yenyewe, jambo linalowezekana kwenye simu za Android tangu mwaka 2023. Picha ya akaunti hiyo iwe ya friji, isiwe ya watoto. Jina liwe «Friji Kariakoo», na asiiruhusu ivute majina ya kwenye simu yake.

Sasa mteja wa kweli amepatikana. Amepanda ghorofani, ameliona friji, limewashwa na kipoozeo kinagandisha, na bei wameshikana mikono kwenye 430,000. Anauliza, «Nitume namba gani?» Swali hilo limezivunja kuta nyingi. Ukimpa laini kuu, atapata namba na jina kwa pamoja, na simu yake itahifadhi vyote viwili kwenye ujumbe wa muamala.

Njia ya kwanza ni fedha taslimu, na kwa kitu cha bei hii bado ni njia ya kawaida kabisa. Njia ya pili ni lipa namba. Muuzaji mdogo aliyejisajili kwa huduma hiyo hupewa namba fupi ya malipo ambayo si namba ya simu; mlipaji anaona jina la biashara, na haoni namba ya kukupigia kesho. Kama katika familia yupo mwenye kibanda au saluni, pengine lipa namba ipo tayari ukutani. Njia ambayo si nzuri sana ni kwenda naye kwa wakala na kuitaja namba yako kuu kwa sauti mbele ya foleni, nayo ikaingia kwenye daftari lililo wazi juu ya meza.

Kwa njia yoyote, friji lisishuke ngazi kabla muuzaji hajaangalia salio lake mwenyewe kwa menyu ya mtandao wake: `*150*00#` kwa M-Pesa, `*150*60#` kwa Airtel Money, `*150*01#` kwa Mixx ya Yas, iliyokuwa Tigo Pesa mpaka mwaka 2024. Salio ndilo linalosema kweli. Meseji inaweza kuandikwa na yeyote.

Laini inayokwambia nani amekuuza

Namba iliyo kwenye mtandao hukusanywa kwa urahisi. Namba zetu ni tarakimu 10 zinazoanza na 06 au 07, na programu ndogo inaweza kupita kurasa elfu moja na kuzichomoa zote kabla chai haijapoa. Madalali nao hunakili picha na namba yako, wakaliweka tangazo upya kwa bei yao. Ukifuta tangazo la kwanza, nakala hizo hazifutiki.

Laini uliyoiweka mahali pamoja tu inakupa ushahidi ambao laini kuu haiwezi kukupa. Kama namba hii ipo Jiji peke yake na hujawahi kumpa mtu mwingine, basi kila meseji ya mkopo wa haraka au ya kubashiri mechi inayoingia humo, na ambayo haikutoka kwa mtandao wako wenyewe, ina uwezekano mkubwa kuwa imepita kwenye tangazo lile. Kama anayekuandikia anataja friji, huna shaka kabisa.

Ila kuna mipaka ya kuikubali. Ujumbe maarufu kuliko wote nchini, ule wa «ile pesa itume kwenye namba hii», hauhitaji tangazo lolote. Watumaji hushika mwanzo wa namba na kubadilisha tarakimu za mwisho moja baada ya nyingine, na namba yako inafikiwa kwa zamu tu. Kwa hiyo laini kuu haitakuwa kimya kabisa kwa sababu umenunua ya pili. Kipimo ni maudhui: ujumbe usiotaja bidhaa yako huenda umekujia kwa bahati nasibu, unaoitaja umetoka mahali ulipoandika mwenyewe.

Namba mpya nayo inaweza isiwe mpya. Laini iliyolala bila kutumika hufungwa, na namba yake hugawiwa mteja mwingine baada ya muda. Unaweza kuanza kupigiwa na watu wanaomdai mwenyewe wa zamani. Ikiwa simu za namna hiyo zimeanza kabla hata hujaweka tangazo, rudi kwa wakala ubadilishe namba siku hiyo hiyo, kabla hujaichapisha popote.

Kuna mtego mmoja ambao hata laini tupu haizuii. «Mteja» anakwambia upige nyota mbili, ishirini na moja, nyota, namba fulani, alama ya reli, ili eti kuhakikisha wewe ni muuzaji halali. Amri ya `**21*` huelekeza simu zako zote kwenye namba yake. Kwenye laini ya tangazo atapata simu za wateja wako. Kwenye laini kuu angepata simu za kuthibitisha akaunti zako. Ukiwa umeshaipiga, piga `##002#`, ambayo hufuta maelekezo yote. Na namba iliyokujaribu iripoti TCRA kwa kutuma ujumbe huo wa kitapeli kwenda 15040, kisha ufuate maelekezo utakayopata ya kutaja namba iliyoutuma.

Kuifunga ni tofauti na kuitupa

Friji limeondoka. Watu wengi hutoa kadi, huikunja na kuitupa jalalani, au humpa kijana wa mtaani aendelee kuitumia. Hapa laini ya pembeni inaweza kuleta madhara kuliko tangazo lenyewe. Imesajiliwa kwa kidole chako. Kijana akimtapeli mtu Mbagala, jina litakalosomeka kituoni ni lako, na itabidi ueleze ulimpa nani na lini.

Mpangilio unaofaa huanza kwenye simu. Futa tangazo, futa akaunti ya tovuti, kisha futa akaunti ya WhatsApp ya namba hiyo kutoka ndani ya mipangilio yake. Ukiondoa programu tu, akaunti inabaki, na atakayegawiwa namba hiyo baadaye anaweza kujikuta ndani ya makundi uliyokuwemo. Baada ya hapo nenda duka la mtandao na kitambulisho, uombe laini ifungwe na ifutwe kwenye jina lako.

Kama unajua utauza kochi miezi michache ijayo, usiifunge. Ihifadhi ndani ya kitochi, uiwashe mara kwa mara na uiwekee vocha ndogo ili mtandao usiihesabu kuwa imekufa. Mwenye duka Mtaa wa Kongo anayetangaza kila siku naye hana haja ya kutupa chochote. Namba iliyo kwenye mifuko yake ni sehemu ya biashara. Kwake ukuta unajengwa upande mwingine: anaiacha namba ya mifuko ipokee simu, malipo anayaelekeza kwenye lipa namba, na benki anaihamishia kwenye laini ambayo haijaandikwa popote.

Kwa familia ya Mtaa wa Sikukuu, limebaki jambo moja. Siku chache baada ya kuomba laini ifungwe kwenye duka la mtandao, baba apige tena `*106#` na kusoma orodha. Akiiona ile namba ya 062 bado ipo, arudi dukani, kwa kuwa mbele ya sheria bado ni yake.